Sikio au Sarufi? Uhakiki wa Diktoglosi kwa Wanafunzi wa Kiswahili Garissa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Garissa husikia mwalimu akisoma kwamba barua za shule zimechelewa na kwamba karani amesema zitafika Alhamisi. Katika daftari lake huandika: "Karani alisema sitafika Alhamisi." Mwalimu huipigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja: ngeli. Juma linalofuata mwanafunzi hupewa zoezi la upatanisho wa ngeli, na juma la baada yake hupewa jingine. Huenda zoezi hilo halimfai hata kidogo, kwa sababu ngeli anazijua. Asichokisikia ni tofauti baina ya z na s.

Makala haya yanakusudia kuhakiki mbinu moja ya kufundishia lugha, yaani diktoglosi, kwa kuipima katika mazingira ya Garissa na eneo la Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla. Hoja inayotetewa ni kwamba mbinu hii ina faida ambayo walioieneza hawakuitilia mkazo: kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, inaweza kumwonyesha mwalimu kama kosa limetoka sikioni au limetoka katika sarufi. Lakini faida hiyo haipatikani ila matini iwe imetungwa kwa kusudi hilo. Na kuhusu mazoezi ya kuzungumza, ambayo mbinu hii husifiwa nayo, itaonyeshwa kwamba mazoezi hayo hayaji yenyewe pale ambapo darasa zima lina lugha moja ya nyumbani.

2. Mbinu yenyewe na asili yake

Diktoglosi ilielezwa kwa ukamilifu na Ruth Wajnryb, mwalimu wa Kiingereza wa Australia, katika kitabu chake cha mwaka 1990. Hatua zake ni nne. Kwanza, mwalimu huwatayarisha wanafunzi kwa mazungumzo mafupi juu ya mada na kwa kueleza maneno machache magumu. Pili, husoma matini fupi mara mbili kwa mwendo wa kawaida wa usemi. Mara ya kwanza wanafunzi husikiliza tu. Mara ya pili huandika maneno makuu watakayoweza kuyanasa. Tatu, hukaa katika vikundi vidogo na kuijenga matini upya kutokana na vipande walivyo navyo. Nne, matini za vikundi hulinganishwa na kusahihishwa mbele ya darasa zima.

Ni dhahiri kwamba jambo hili si imla ya kawaida. Katika imla mwalimu hukata sentensi vipandevipande na kungoja kalamu, na mwanafunzi huweza kuandika ukurasa mzima bila kuelewa neno. Katika diktoglosi usomaji haungoji kalamu. Vinavyobaki daftarini ni maneno ya maana, kama vile "barua", "karani" na "Alhamisi". Viambishi, viunganishi na nyakati hupotea, na kikundi hakina budi kuvitafuta katika ujuzi wake chenyewe.

Nadharia inayoitegemeza mbinu hii yajulikana. Mwaka 1985 Merrill Swain, akiwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, alionyesha kwamba miaka mingi ya kusikia na kuelewa haikuwafikisha kwenye usahihi wa sarufi. Kuelewa huweza kutosheka na maneno makuu, bali kusema na kuandika humlazimisha mtu kuamua kila kiambishi. Anapolazimika kuamua, ndipo anapogundua asichokijua.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba lengo la Wajnryb lilikuwa sarufi, na kilichotolewa mwishoni kilikuwa maandishi. Sifa ya kwamba mbinu hii hufundisha kusikiliza na kuzungumza imetokana na hatua ya pili na ya tatu, na ni sifa inayopaswa kupimwa. Nchini Kenya jambo hili lina uzito. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, lakini karatasi tatu za mtihani wa kidato cha nne, yaani insha, lugha na fasihi, zote ni za kuandika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, umeipa mada ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake. Walimu wanatafuta mbinu, na diktoglosi ni miongoni mwa zile zinazopendekezwa.

3. Sauti ambazo Kisomali hakina

Kisomali hakina fonimu p, v wala z. Hili si jambo la kubahatisha. Ushahidi wake umo katika maneno ambayo lugha hiyo imeyakopa. Polisi ni boolis. Novemba ni Nofembar. Zaka, ambayo ni nguzo ya dini, ni sako. Katika kila jozi sauti ngeni imehamia kwa jirani yake: p kwa b, v kwa f, z kwa s.

Kwa lugha nyingine uhamisho huu ungekuwa suala la lafudhi tu. Katika Kiswahili umeangukia penye nguzo ya sarufi, kwa kuwa v na z ndizo konsonanti za upatanisho wa wingi. Ngeli ya vi- hutegemea v. Wingi wa nomino kama barua, ndoo na nguo hutegemea z. Mtu asiyezisikia sauti hizi mbili hupungukiwa na sehemu kubwa ya alama zinazomwonyesha ni kitu gani kinachozungumziwa.

Tena kuna mahali ambapo z ikigeuka s huzaa neno jingine lililo sahihi. "Silichelewa" si umbo la Kiswahili, maana ukanushi wa wakati uliopita ni "sikuchelewa". Basi mwanafunzi akiandika "silichelewa" kosa hujitangaza lenyewe. Wakati uliopo pia hujilinda, kwa sababu ukanushi hubadilisha irabu ya mwisho: "sifiki". Lakini wakati ujao hauna kinga. Nafsi ya kwanza ikikanusha, -ta- hubaki palepale na irabu ya mwisho haibadiliki. "Zitafika" na "sitafika" hutofautiana kwa konsonanti moja tu, na mkazo huangukia silabi ileile. Asiyeisikia z husikia mtu akikataa kuja mahali ambapo vitu viliahidiwa kuja.

Haifai kudhani kwamba kila mwanafunzi Msomali ana tatizo hili. Aliyekulia mjini Garissa, akicheza na watoto wa Wapokomo au wa watumishi waliotoka bara, mara nyingi huzitenga sauti hizi bila taabu. Aliyeanza kukisikia Kiswahili darasani katika vijiji vya mbali, au katika kambi za Dadaab zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991, yuko katika hali nyingine. Wawili hawa huketi dawati moja, na ndiyo sababu mwalimu anahitaji njia ya kuwatambua.

4. Matini na majibu yake

Ichukuliwe matini ifuatayo ya sentensi saba na maneno 51, iliyotungwa kwa ajili ya uhakiki huu:

"Mto Tana ulipofurika, barabara ya Madogo ilifungwa kwa siku tatu. Barua za shule zilichelewa, lakini karani alisema zitafika Alhamisi. Maji yalipopungua, vijana wawili walishuka mtoni. Mmoja alivua shati akaoga. Mwingine alifua shati akalianika juani. Jioni ya Alhamisi basi lilifika. Kikapu cha karani kilikuwa kimejaa, na vitabu vyetu vilikuwa chini ya barua."

Mambo mawili yamefanywa kwa makusudi. Kwanza, mna viambishi vyenye z na v (za, zilichelewa, zitafika, vyetu, vilikuwa), na pia viambishi visivyo na sauti hizo (ilifungwa, yalipopungua, lilifika, cha, kilikuwa kimejaa). Pili, mna jozi mbili ambazo muktadha peke yake hauziamui upesi. Anayeoga huweza kuwa amevua shati au amelifua kwanza. Anayelianika huweza kuwa amelifua au amelivua tu likiwa limelowa.

Majibu yafuatayo nayo yametungwa, ili tofauti za aina ya makosa zionekane wazi. Kikundi cha kwanza kimejenga hivi: "Barua sa shule silichelewa, lakini karani alisema sitafika Alhamisi. Maji yalipopungua vijana walishuka mtoni. Mmoja alifua shati akaoga, mwingine alifua shati akalianika. Basi lilifika. Kikapu cha karani kilikuwa kimejaa, na fitabu fyetu filikuwa chini ya barua."

Kikundi cha pili kimejenga hivi: "Barua ya shule ilichelewa, lakini karani alisema itafika Alhamisi. Maji ilipopungua vijana wawili walishuka mtoni. Mmoja alivua shati akaoga, mwingine alifua shati akaianika. Basi ilifika. Kikapu ya karani ilikuwa imejaa, na vitabu yetu ilikuwa chini ya barua."

Mwalimu anayehesabu alama nyekundu huenda akaona kwamba vikundi hivi vimelingana. Kwa hakika vinatofautiana kabisa. Kikundi cha kwanza hakina kosa hata moja la upatanisho. Maji yamepatana kwa ya-, basi kwa li-, kikapu kwa ki-. Hata "fitabu fyetu filikuwa" ni upatanisho uliokamilika, ila umevaa f mahali pa v. Wanafunzi hawa wakipewa mazoezi ya ngeli watapoteza wakati. Kikundi cha pili kimeandika v na f kila moja mahali pake, lakini upatanisho wake wote umeporomokea i-. Hilo wala halitokani na Kisomali. Ni Kiswahili cha miji ya bara ya Kenya, kinachosikika katika magari na masoko, nacho kimewafikia wanafunzi wa Garissa kama kilivyowafikia wenzao wa Nakuru. Kwa kikundi hiki sikio ni zima. Kinachohitajika ni sarufi sanifu.

Kanuni, basi, ni nyepesi. Atazame mwalimu viambishi visivyo na z wala v. Vikiwa sahihi, na makosa yakawa katika z na v peke yake, kosa si la ngeli. Navyo vikiwa vimeharibika, kosa ni la ngeli, hata kama tahajia ni safi. Kikundi kinachoandika "vitabu setu silikuwa" kinahitaji kuchunguzwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa upatanisho wa zi- kwa vitabu ni wa mjini, na s iliyochukua nafasi ya z ni ya lugha ya kwanza. Iangaliwe pia kwamba "barua ya shule ilichelewa" peke yake haithibitishi lolote, kwa sababu barua huweza kuwa moja. Ushahidi umo katika maji, basi, kikapu na vitabu.

Hata baada ya kujua kwamba kosa si la ngeli, bado haijulikani kama limo sikioni, ulimini au kalamuni. Hapo jaribio fupi latosha. Msomaji aseme "zitafika" na "sitafika" mara 10 bila mpangilio, na mwanafunzi aandike kila mara ni nani anayezungumziwa: barua au karani. Kwa kubahatisha mtu hutarajiwa kupata 5 hivi. Anayepata 9 au 10 anasikia vizuri, na kosa lake ni la kutamka au la kuandika. Anayebaki kwenye 5 au 6 haelekei kuisikia tofauti hiyo, na mazoezi yake yaanzie hapo.

5. Mahali ambapo mbinu hupungukiwa

Kasoro ya kwanza iko katika hatua ya tatu. Waliobuni mbinu hii walidhani kwamba majadiliano ya kikundi yatarekebisha kilichokosewa: mmoja amesikia hiki, mwingine kile, na kweli itapatikana baina yao. Lakini ikiwa wote wanne katika kikundi hawaisikii z, hakuna mwenye neno la kupinga. Tena kosa lao halileti matini isiyo na maana. "Karani alisema sitafika Alhamisi" huungana vizuri sana na kikapu kilichofika ndani ya basi: karani alikataa kuja, akatuma kikapu chake. Kikundi kitaridhika, na kuridhika huko kutakuwa na sababu. Mbinu inayotegemea mantiki ya matini kufichua makosa hushindwa kila penye kosa linalozaa mantiki nyingine.

Dawa yake ni usomaji wa tatu, ambao haumo katika hatua nne za asili. Baada ya vikundi kumaliza, na kabla ya masahihisho, mwalimu aulize swali moja tu, "Ni nani atakayefika Alhamisi?", kisha asome tena. Usomaji huu una kazi tofauti na ule wa awali. Wanafunzi sasa wana matini yao mkononi na wanasikiliza wakiwa na jambo la kuthibitisha. Vivyo hivyo kwa shati: kikundi kilichoandika "alifua" mara mbili kiulizwe kwa nini msimulizi aliwatenga vijana wawili kwa "mmoja" na "mwingine" ikiwa wote walifanya kazi ileile.

Lakini usomaji wa tatu hauna faida ikiwa msomaji mwenyewe haitamki z. Mwalimu aliyezaliwa Wajir naye huenda akasoma "sitafika", kama vile mwalimu kutoka sehemu nyingine za nchi anavyoweza kuchanganya l na r. Hilo si aibu, ila ni lazima lijulikane kabla ya somo. Matini isomwe na mwalimu au mwanafunzi anayezitenga sauti hizo, au inaswe kwa simu mapema. Vinginevyo kikundi kitaadhibiwa kwa kuandika kile hasa kilichosikika.

Kasoro ya pili inahusu namna wanafunzi wanavyoielewa kazi. Wengi wa watoto wa Kiislamu wa eneo hili hupitia duksi kabla ya shule au sambamba nayo. Huko mwanafunzi huandika aya ubaoni, huirudia na kuihifadhi neno kwa neno. Kubadilisha herufi moja ni kosa kubwa, na ndivyo ipasavyo. Ushairi wa Kisomali nao una desturi hiyo ya uaminifu. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964, walieleza jinsi wahifadhi wa mashairi walivyowajibika kuyafikisha maneno ya mtunzi bila kuyageuza. Mwanafunzi mwenye malezi haya akiambiwa aijenge matini upya kwa maneno yake huona kwamba ameombwa kuiharibu. Ataandika alichonasa, ataacha pengo mahali pa asichonasa, wala hatathubutu kuliziba.

Mwalimu asiyelijua hili huona mapengo na kudhani ni uvivu. Yafaa aeleze tangu mwanzo kwamba kuna maneno ya kuhifadhiwa na kuna habari ya kupelekwa. Jamii ya wafugaji inazijua zote mbili: anayerudi kutoka malishoni hueleza hali ya maji na majani kwa usahihi, wala haulizwi alitumia maneno gani. Diktoglosi ni ya aina hiyo ya pili. Usahihi unaodaiwa ni wa habari na wa sarufi.

Kasoro ya tatu ndiyo inayogusa kuzungumza. Katika darasa la Mandera au Dadaab, kikundi kikiachwa kijadiliane, kitajadiliana kwa Kisomali. Kitaandika Kiswahili, lakini kitakuwa kimesema Kisomali tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hili si la kukemewa ovyo. Swain na Sharon Lapkin waliwachunguza wanafunzi wa Kanada wakifanya kazi za namna hii, diktoglosi ikiwemo, na katika taarifa yao ya mwaka 2000 walionyesha kwamba lugha ya kwanza iliwasaidia kuielewa kazi na kuyapima maumbo. Kuipiga marufuku ni kuua majadiliano. Ila haiwezekani kuyaita majadiliano hayo mazoezi ya kuzungumza Kiswahili.

Suluhisho liko katika kubadili kinachotolewa mwishoni. Kikundi kiandike kwa lugha yoyote kinayojadiliana, kisha karatasi ziwekwe chini, na mmoja aliyechaguliwa kwa kura asimame asimulie habari yote kwa Kiswahili bila kusoma. Kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani atakayeitwa, kila mmoja hulazimika kuijaribu simulizi kinywani ndani ya kikundi. Kikundi kingine kimuulize maswali mawili, na kijibiwe. Hapo ndipo "zitafika" itakapotamkwa mbele ya masikio ya wengine, na "sitafika" itakapozua swali: "Kwani karani hakuja?" Msimulizi aliyeulizwa hivyo amepata sahihisho ambalo wino mwekundu haukuweza kumpa, maana ameona kwamba sauti moja imemhamisha karani.

6. Hitimisho

Diktoglosi kama ilivyoelezwa mwaka 1990 haiwezi kuhamishiwa Garissa bila marekebisho. Ilitegemea kikundi kirekebishe kisichosikika, na kikundi chenye lugha moja ya kwanza hakiwezi. Ilitegemea majadiliano yawe ya lugha inayofundishwa, na hapa hayawi. Ilitegemea mwanafunzi aone ni halali kuibadili matini, na hapa ana sababu za heshima za kusita.

Hata hivyo mapungufu haya hurekebishika kwa usomaji wa tatu, kwa maelezo ya wazi ya kazi, na kwa simulizi ya mdomo mwishoni. Kinachobaki baada ya marekebisho ni kitu ambacho imla ya kawaida wala insha haiwezi kukitoa. Mtahini akikutana na "silichelewa" hukata alama ya hijai. Akikutana na "sitafika" hukata alama ya sarufi. Kwake ni makosa mawili, na mwanafunzi hurudishiwa karatasi inayomwambia kwamba hajui mengi. Matini iliyotungwa vema, ikisomwa mara tatu na kujengwa upya, humwonyesha mwalimu kwamba huenda ni kosa moja tu, na kwamba kitabu cha ngeli kingeweza kufungwa kwa muda ili z ifundishwe kwanza.